Stiki ya kulia: alama inaruka kichwa badala ya kukifikia. Nimekosea wapi kwenye eneo mfu?

chonjo_kazini

Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza gemu ya kufyatua risasi kwa Unity, ile ambayo mchezaji anaona kwa macho ya mhusika. Kwa kipanya kulenga kumekaa vizuri sana. Kwa padi ndipo ninapokwama, na ni wiki ya pili sasa.

Tuseme adui amesimama mbali na alama yangu ya kulengea iko kushoto kidogo mwa kichwa chake. Nasukuma stiki ya kulia taratibu: kimya. Naongeza: kimya. Naongeza kidogo tena, na hapo alama inaruka mara moja hadi kulia kwa kichwa. Narudi, inaruka hadi kushoto. Kichwa kiko katikati na mimi nacheza pembeni yake. Nikipunguza kasi ya kugeuka mruko unapungua, lakini basi adui akitokea nyuma yangu nakufa kabla sijamwona.

Sehemu yenyewe ni fupi:

```
Vector2 v = pad.rightStick.ReadValue();
if (v.magnitude < 0.25f) v = Vector2.zero;
yaw   += v.x * 220f * Time.deltaTime;
pitch -= v.y * 220f * Time.deltaTime;
```

Hiyo 0.25 niliiweka kwa sababu bila eneo mfu picha inatambaa yenyewe nikiachia stiki. Ninachotaka ni alama itulie kama kidole kimetulia, isogee kidogo kidole kikisogea kidogo, na isinihukumu vikali kila kidole kinapokosea. Naanzia wapi?

kidole_chepesi

Hilo ni la padi, si la msimbo. Stiki za kawaida zina potenshomita, brashi inasugua njia ya kaboni mpaka inalika, ndiyo maana picha inatambaa. Tafuta padi yenye sensa za sumaku, weka eneo mfu 0, umemaliza. Mimi sijagusa hizo namba tangu nibadilishe.

mzee_wa_mihimili

Chonjo, usinunue kitu bado. Mruko unaousimulia uko kwenye mstari wako wa pili, na padi mpya ingeruka vilevile.

Angalia kinachotokea. Chini ya 0.25 unafuta kila kitu. Ukivuka tu, unaiachia 0.25 yenyewe ipite kama ilivyo. Kwa hiyo kasi ndogo kabisa ambayo mchezaji wako anaweza kuipata ni 0.25 × 220, yaani digrii 55 kwa sekunde. Kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni digrii 0.92 katika fremu moja. Sasa chukua kichwa chenye upana wa sentimita 25, kikiwa umbali wa mita 25: mbele ya kamera kinachukua digrii 0.57 tu. Hatua ndogo kuliko zote uliyo nayo ni kubwa kuliko shabaha. Hata mwenye mkono wa daktari wa upasuaji atakiruka.

Dawa yake ni kuipima upya namba inayobaki baada ya kuvuka, ili mpaka wa eneo mfu uwe sifuri na ukingo wa stiki uwe moja. Toa kiasi cha eneo mfu, kisha gawanya kwa upana uliobaki. Hapo kidole kikivuka mpaka kwa unywele mmoja, alama nayo inasogea kwa unywele mmoja.

Lakini kuna jambo lingine kwenye maelezo yako linanisumbua. Umesema unasukuma, kimya, unaongeza, kimya, unaongeza tena. Robo ya stiki si safari ndefu kiasi hicho. Fanya hivi: chapisha kwenye skrini namba mbili pembeni kwa pembeni, `ReadValue().magnitude` na `ReadUnprocessedValue().magnitude`. Sukuma polepole mpaka alama isogee, kisha tuambie namba zote mbili zilisomeka ngapi wakati huo.

tonge_la_moto

Nami nina shida hii hii. Kwenye gemu ninayocheza mhusika anatembea mwenyewe kwenda kushoto hata nikiweka padi mezani. Hiyo hesabu ya kugawanya naiandika wapi?

mzee_wa_mihimili

Tonge, yako ni nyingine. Yeye anatengeneza gemu na anaweza kubadili msimbo. Wewe unacheza ya mtu mwingine, na stiki yako ya kushoto haitulii tena katikati. Fungua mipangilio ya gemu, tafuta eneo mfu la stiki ya kushoto, lipandishe kidogo kidogo mpaka mhusika asimame, kisha uishie hapo hapo. Ila kama stiki inapumzika mbali sana na katikati, mathalani 0.2, upande mmoja tu, usiifiche kwa eneo mfu kubwa. Jaribu kwanza kurekebisha katikati yake kwenye mipangilio ya padi au ya mfumo, kwa sababu eneo mfu kubwa linakunyang'anya pande zote kwa kosa la upande mmoja.

tonge_la_moto

Nimeelewa mzee, asante. Ngoja nijaribu.

chonjo_kazini

Nimerudi na namba. Mzee, umegonga ndipo.

Alama inaanza kusogea pale `ReadValue()` inapofika 0.25, kama nilivyoandika. Lakini wakati huo `ReadUnprocessedValue()` inasoma 0.325! Nimerudia mara kumi, haitoki hapo. Theluthi ya stiki yangu haifanyi kazi yoyote na sikujua. Imetoka wapi hiyo ya juu?

mzee_wa_mihimili

Ni eneo mfu mbili, moja juu ya nyingine. Mfumo wa ingizo unaotumia una kichakataji kinachoitwa `stickDeadzone`, na stiki za padi zinakuja nacho tayari. Namba zake za kuanzia ni 0.125 kwa ndani na 0.925 kwa nje, na hicho kinapima upya vizuri kabisa, kwa duara, yaani kwa umbali kutoka katikati. Kwa hiyo unachokisoma kwa `ReadValue()` kimeshapita mlango mmoja. Ukaweka mlango wa pili. Ili namba iliyokwisha kupimwa upya ifike 0.25, stiki yenyewe lazima ifike 0.125 + 0.25 × 0.8. Piga hesabu utapata 0.325 yako.

Hili linawapata wengi na haliishii kwenye injini. Programu inayokaa kati ya padi na gemu inaweza kuwa na eneo mfu lake, na baadhi ya padi zina lao ndani kwa ndani. Dalili ni hiyo uliyoiona: umeandika namba ndogo lakini kidole kinasafiri mbali. Chagua sehemu moja ya kufanya kazi hii na uzime nyingine zote zilizo chini ya mamlaka yako. Kwako wewe, soma namba ghafi na ufanye kila kitu mwenyewe.

Kisha usikisie 0.25, wala usikisie 0.10. Pima. Sukuma stiki hadi ukingoni, iachie ijirudie yenyewe, subiri itulie, andika umbali wake kutoka katikati. Fanya hivyo pande nane, mara kumi kila upande. Stiki hairudi mahali pamoja; inategemea imetoka upande gani. Ukimaliza, izungushe taratibu ikigusa ukingo muda wote na uangalie umbali mdogo kabisa unaosomeka. Hizo namba mbili ndizo mipaka yako ya ndani na ya nje.

kidole_chepesi

Sawa kwa mruko, nakubali. Lakini bado nasema sensa za sumaku zinafuta haja ya kupima. Hakuna kinachosuguana, hakuna kinacholika.

ramani_ya_gumba

Kidole, upo sahihi kwamba hazichakai kwa kusuguana. Ila kinachorudisha stiki katikati si sensa, ni springi na vipande vya plastiki vinavyoizunguka, na hivyo vina ulegevu wake hata padi ikiwa mpya. Yangu ni ya sumaku, na nikiiachia kutoka juu inatulia 0.03. Ukiweka sifuri kwa kasi ya digrii 220, hiyo 0.03 ni digrii 6.6 kila sekunde. Baada ya nusu dakika unatazama upande wa nyuma. Labda gemu unazocheza zina eneo mfu lake na wewe hujaliona.

kidole_chepesi

Nimezima lile la kwenye mipangilio, sijui kama kuna jingine chini yake. Nitapima.

chonjo_kazini

Nimeiachia mara 80, kidole kinauma kwa kweli.

Nyingi zimetua kati ya 0.02 na 0.05. Kutoka juu-kulia ndiko kubaya, inabaki juu mara zote na kubwa kuliko zote ilikuwa 0.083. Ukingoni, upande wa chini-kushoto haizidi 0.96, pande nyingine inafika 1, na kwenye mishazari mingine inapita moja, nimeona hadi 1.06.

Nimeweka ndani 0.10 na nje 0.94. Nimesoma namba ghafi na kupima upya. Mruko umekufa kabisa! Kichwa cha mbali nakifikia. Lakini sasa limekuja jingine: kila kitu kina haraka. Naweza kusogea kidogo, ila inabidi nishike stiki kwa uangalifu kama nabeba yai. Nikikosea kidogo tu niko mbali.

dogo_vekta

Hapo unahitaji mkunjo. Piga kila mhimili kwa wenyewe, `x*x` na `y*y`, ukitunza alama ya kujumlisha au kutoa. Katikati panalainika, ukingoni kasi inabaki ile ile. Mimi ndivyo nilivyofanya kwenye gemu yangu ya mbio.

mzee_wa_mihimili

Dogo, wazo la mkunjo ndilo. Kwa usukani wa gari hata njia yako inafaa, kwa sababu pale unatumia mhimili mmoja. Kwenye kulenga mihimili miwili inafanya kazi pamoja, na ukiipinda kila mmoja peke yake unapinda mwelekeo pia.

Chukua kidole kilichosukuma 0.6 kulia na 0.2 juu. Mwelekeo wake ni digrii 18 hivi kutoka kwenye mlalo. Ukipiga kila kimoja kwa chenyewe unapata 0.36 na 0.04, na hiyo ni kama digrii 6 tu. Mchezaji alielekeza mahali, gemu ikaenda mahali pengine. Atasema alama inanata kwenye mstari wa mlalo na hataweza kueleza kwa nini. Eneo mfu likikatwa kwa kila mhimili peke yake linaleta ugonjwa wa jamii hiyo hiyo: unapofagia kulia, masahihisho madogo ya juu na chini yanamezwa.

Kwa hiyo tafuta umbali kutoka katikati, fanya kila kitu kwenye umbali huo, kisha urudishe mwelekeo kama ulivyokuja:

```
float m = raw.magnitude;
if (m <= ndani) return Vector2.zero;
float t = Mathf.Min((m - ndani) / (nje - ndani), 1f);
float c = (1 - k) * t + k * t * t * t;
return raw / m * c;
```

Ile `Min` ndiyo inayoishughulikia 1.06 yako ya mishazari. Bila hiyo mchezaji akigeuka kimshazari angekuwa na kasi ya ziada isiyo halali.

Sasa kuhusu `k`. Watu wengi huchukua mraba mtupu au mchemraba mtupu, na hapo ndipo wanapoua walichotoka kukifufua. Kwa mipaka yako, stiki ikiwa 0.13, yaani umevuka mpaka kidogo tu, `t` ni 0.036 hivi. Mstari mnyoofu unakupa digrii 7.9 kwa sekunde. Hiyo ndiyo haraka unayoilalamikia. Mraba unakupa 0.28, na kukivuka kichwa chako cha digrii 0.57 kutachukua sekunde mbili. Mchemraba unakupa 0.01, yaani hakuna kitu. Kwenye karatasi eneo mfu ni 0.10, kwenye kidole limekuwa kubwa upya, kwa sababu mikunjo hiyo inaanza ikiwa imelala kabisa.

Mchanganyiko niliouandika unaacha sehemu ya mstari mnyoofu ibaki. Ukiweka `k` 0.7, pale pale kwenye 0.13 unapata digrii 2.4 kwa sekunde, kama 0.04 kwa fremu. Unaona alama ikitembea mara kidole kinapovuka, lakini inatembea kwa heshima. Nusu ya safari ya stiki inakupa digrii 52 badala ya 110. Ukingoni 220 yako ipo palepale.

dogo_vekta

Nimeelewa kuhusu pembe. Sikuwahi kuliona kwa sababu gari halina juu na chini. Lakini kwa `k` hiyo 0.7, si ukingoni kunakuwa kukali sana?

mzee_wa_mihimili

Kunakuwa kukali, ndiyo. Ulichopunguza katikati unakilipa ukingoni. Kwa 0.7, karibu na mwisho wa stiki mteremko ni 2.4, kidole kikitetemeka kwa sehemu moja ya mia kasi inabadilika kwa zaidi ya sehemu mbili.

Swali ni kama mchezaji anahitaji kuwa sahihi kule. Njia yangu ni kuuliza shabaha zinakwenda kasi gani mbele ya kamera. Adui anayekimbia mita 6 kwa sekunde akikatiza mbele yako, ukiwa mita 10 kutoka kwake, anahama digrii 34 kwa sekunde. Kwenye mkunjo huu hiyo inaangukia stiki ikiwa 0.42 hivi, mahali ambapo mteremko ni mpole, 0.6. Akiwa mita 4 anahama digrii 86, na stiki inakuwa karibu 0.65, mteremko umefika 1.2. Zaidi ya hapo hufuatilii mtu, unageuka tu. Kwa hiyo kwa gemu ya mapambano ya kati na mbali 0.7 inakaa. Kama adui zako wote wanapigania puani, shuka hadi 0.4 ujaribu.

chonjo_kazini

Nimeweka 0.7, halafu 0.6. Nimebaki na 0.6. Sijui nieleze vipi, kidole kimeacha kukakamaa. Nimempa mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kuigusa, akapiga vichwa vitatu vya mbali mfululizo bila kuniuliza chochote. Niliacha kazi nikamtazama tu.

Kwa wima nimepunguza kasi iwe 0.65 ya mlalo, maana hakuna anayehitaji kutazama juu kwa haraka ile.

Limebaki la msamaha. Nataka alama ipunguze mwendo ikipita juu ya adui. Nimezidisha stiki kwa 0.6 ikiwa alama iko juu yake, lakini inanasa kama imekanyaga gundi.

ramani_ya_gumba

Umezidisha wapi, kabla ya mkunjo au baada?

chonjo_kazini

Kabla, kwenye `raw`, mwanzoni kabisa.

ramani_ya_gumba

Ndiyo gundi yenyewe hiyo. Stiki ikiwa karibu na ukingo, 0.6 ikipita kwenye sehemu ya mchemraba inatoka 0.216, kwa hiyo unapunguza zaidi ya ulivyokusudia. Na stiki ikiwa 0.15, ukizidisha kwa 0.6 unapata 0.09, umeirudisha ndani ya eneo mfu: mchezaji anasukuma akiwa juu ya adui na alama inasimama. Peleka kuzidisha mwishoni, kwenye digrii kwa sekunde. Usiiwashe ghafla pia. Acha ianze nje kidogo ya mwili wa adui na ikolee taratibu, la sivyo mchezaji anahisi ukuta.

Na nikiwa hapa, nina neno na mzee kuhusu duara. Kidole gumba hakisogei kwa mstari, kinazunguka kwenye kiungo chake cha chini. Ukifagia kutoka kushoto hadi kulia kinachora upinde, na kwa duara safi alama inapanda na kushuka bila mtu kukusudia. Mimi naongeza eneo la pili jembamba kwenye kila mhimili, ambalo linapanuka kadiri mhimili wa pili unavyosukumwa. Nikienda mlalo napuuza wima iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya mlalo, yaani digrii 6 hivi, kisha napima upya ili kusiwe na mruko. Katikati ya stiki halipo kabisa, ukingoni lipo. Ukilichora linafanana na tai ya shingoni, ile ya kipepeo. Wachezaji wangu wamelipenda.

mzee_wa_mihimili

Nalijua umbo hilo na sijalipenda. Anayemfuatilia mtu anayepanda mteremko mpole anahitaji hasa hizo digrii sita unazozimeza. Mkono unajifunza upinde wake wenyewe baada ya siku chache. Ukimsahihishia mchezaji kosa ambalo ameshajifunza kulisahihisha, unamletea kosa jipya.

ramani_ya_gumba

Mwenye miaka ya kucheza, ndiyo. Mgeni hana hizo siku chache. Na mteremko mpole ni nadra kuliko kufagia upeo wa macho, jambo ambalo mchezaji analifanya kila sekunde chache.

mzee_wa_mihimili

Basi tupime kwa wageni, mimi sijawahi kulipima kwa watu ambao hawajazoea. Hapo nakupa haki.

mama_pikseli

Samahani kwa kuingia katikati. Nimesoma uzi wote kwa sababu mkono wangu wa kulia unatetemeka, na gemu nyingi za kulenga nimeziacha kwa hilo. Naomba Chonjo asiifunge 0.10 ndani ya msimbo. Kwangu 0.10 ni alama inayotetemeka muda wote. Nacheza vizuri ndani ikiwa karibu 0.25, mradi kusiwe na ule mruko wa mwanzo. Na jambo ambalo watu wanalisahau: gumba langu halifiki ukingoni. Gemu inanipa nusu ya kasi tu, siku zote. Gemu moja iliniruhusu kushusha mpaka wa nje hadi 0.75, na kwa mara ya kwanza niligeuka nyuma kwa wakati.

mzee_wa_mihimili

Dada, asante kwa kuandika. Chonjo, hili lichukue kama lilivyo. Ndani, nje na `k`, zote tatu ziwe kwenye mipangilio, stiki ya kushoto na ya kulia kila moja na zake. Na usimwache mchezaji na namba tupu. Mchoree duara lenye nukta inayoonyesha stiki ilipo sasa hivi, na mipaka yote miwili juu yake. Ataachia stiki, ataona nukta inapumzika wapi, na atavuta mpaka uifunike.

chonjo_kazini

Naliweka leo. Mama pikseli, nikimaliza nitakuomba ulijaribu ukiwa na nafasi.

Kuhusu gundi, imeondoka baada ya kuhamishia kuzidisha mwishoni.

Kuna la mwisho nimeliona jana usiku nikirekodi namba. Nikigeuka kwa nguvu kulia halafu nikaachia stiki ghafla, alama inarudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Kwenye rekodi, baada ya kuachia stiki inapita katikati na kwenda upande wa pili: fremu mbili zinasoma 0.14 kushoto, kisha inatulia. Eneo mfu la 0.10 halizizuii. Nikipandisha hadi 0.15 zinazuilika, lakini najisikia nimerudisha sehemu ya nilichokipata.

mzee_wa_mihimili

Springi hiyo. Inarudisha stiki kwa kasi na stiki inapitiliza. Usipandishe eneo mfu la kudumu kwa kitu kinachodumu fremu mbili. Kumbuka umbali na upande wa stiki katika milisekunde chache zilizopita. Kama ilikuwa zaidi ya 0.7, na sasa iko upande wa pili chini ya 0.2, tumia eneo mfu la 0.2 kwa muda mfupi, kisha rudi kwenye lako. Anza na milisekunde 60.

ramani_ya_gumba

Niliwahi kufanya hivyo. Angalizo: kuna wanaogeuka kwa nguvu, wakapitiliza adui, wakarudi nyuma kidogo kwa makusudi papo hapo. Kwenye rekodi wanafanana sana na springi. Nilipoweka milisekunde 100 walilalamika.

chonjo_kazini

Kwa 60 mrudio umeisha kwangu. Jaribio la kupitiliza na kurudi nimelifanya mara ishirini, mara mbili nimehisi kama stiki imechelewa kunisikia, ila sina hakika kama ni hizo milisekunde au ni kidole changu. Nitarekodi tena nikiwa nimeshusha hadi 40, niweke namba hapa.

kidole_chepesi

Nimepima yangu ya sumaku. Inapumzika 0.02 kutoka kushoto, 0.04 kutoka chini. Na gemu ninayocheza, hata nikiweka 0 kwenye mipangilio, haisogei mpaka stiki ifike karibu 0.08. Kwa hiyo lipo jingine chini yake.